Macho ya Dani

Rafiki yangu wa Migori anatengeneza gemu ndogo ya simu. Ndani yake kuna dani mmoja, nyanya mzee, ameketi ufuoni Mbita kule Homa Bay, akingoja boti kutoka kisiwa cha Mfangano. Hainuki, hatembei. Wewe unaketi kando yake mnapiga stori. Kwa hivyo gemu nzima ni uso, na uso huo hauna hata klipu moja iliyochorwa, maana jamaa hana pesa za kumlipa mtu wa animesheni. Macho yanaendeshwa na hesabu tupu.

Toleo la kwanza lilinichekesha. Dani alipepesa kila baada ya sekunde 4 kamili, kama indiketa ya matatu. Katikati, mboni ziliteleza polepole kutoka kushoto hadi kulia, ungedhani amelewa. Jicho la mtu aliyetulia haliendi hivyo. Linaruka: linatua mahali kidogo, linaruka pengine kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, linatua tena. Huteleza tu likifuata kitu kinachosonga.

Toleo la pili lilirekebisha hayo. Muda wa kungoja kabla ya kupepesa sasa huchaguliwa kwa bahati nasibu, kati ya sekunde 2 na 6. Kope hushuka haraka, hupanda taratibu. Mboni huruka nyuzi chache tu. Ikija safari ndefu, tuseme kutoka ziwani hadi kwako, anapepesa njiani. Akitazama mikono yake, kope la juu hushuka pamoja na jicho. Lisiposhuka, weupe hutokeza juu ya mboni na dani huonekana ameshtuka. Nilicheza nikasahau hesabu. Huyu mama alikuwa ananitazama.

Shida ikaja mwishoni, pale unapomwambia kwamba mwanawe hayumo kwenye boti. Alipepesa mara mbili, akatazama chini. Nilishikwa na huzuni. Nikarudia gemu. Safari hii alinikazia macho, akapepesa kivivu, kama mtu aliyeambiwa sukari imeisha dukani. Kumbe ile huzuni niliileta mwenyewe. Nasibu ilinipa nafasi tu.

Nasibu inafaa kwa kungoja, kwa sababu anayengoja hutazama popote. Habari mbaya ina mahali pake pa kutazamwa, na mahali hapo lazima mtunzi apachague. Nikamwambia jamaa, "Hapo izime, bana."

Ameizima. Sentensi ile ikitoka, kupepesa kunasimamishwa kwa sekunde 3 na macho yanakazwa kwenye maji. Tulijaribu sekunde 8, nikadhani simu imeganda. Zile 3 zinatosha. Bado hakuna klipu iliyochorwa, lakini sasa kuna uamuzi. Kisha nasibu inarudi, dani anapepesa kwa mara ya kwanza, na nimecheza mara tano bila kuzoea.