Alilia Vipi, Alicheka Vipi

Tumchukue mwanamke mmoja wa kubuni, tumwite Mwanahawa. Ameketi mkekani katika nyumba ya msiba, Tanga mjini. Mavyaa wake amezikwa alasiri ile. Wanawake wanaingia, wanatoa pole, wanasogezeana nafasi. Katika rasimu ya kwanza mwandishi ameandika hivi: "Mwanahawa alilia kwa uchungu kwa sababu alikuwa na huzuni nyingi." Sarufi yake ni safi, lakini hatumwoni mtu. Sentensi hiyo ungeweza kumpa mfiwa yeyote wa hadithi yoyote na ingemkaa. Huzuni imetajwa, sababu imetajwa, na msomaji hakuachiwa chochote cha kugundua.

Kinachotakiwa ni kuchagua namna anavyolia, kisha kufuta mkia wote unaoanzia kwenye "kwa uchungu". Kazi hii ndogo naipenda kuliko karibu kazi zote za mtunzi wa hadithi, kwa sababu Kiswahili kina njia yake ya kuifanya. Mashina tuliyo nayo ni machache. Kulia na kucheka ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa, na hata kulia kwenyewe tumekugawa kwa kengele, bunduki na ndege. Utajiri wetu uko pembezoni mwa mashina hayo: katika kitenzi kinachokitoa kilio nje, katika kiambishi kinachoingia katikati ya neno, katika kulirudufu neno, na katika mlio wenyewe.

Turudi mkekani. Tukiandika "Mwanahawa aliangua kilio", tumetoa sauti, tumetoa ghafla, na tumeleta mashahidi. Mtu huangua kilio mbele ya watu, au walau mahali ambapo watu watasikia. Sasa huyu yuko Tanga, kati ya Waislamu, ambako kuomboleza kwa sauti hakupendezi na bibi mmoja atamshika bega amwambie, "Subiri, mwanangu, mwombee dua." Kwa hiyo kitenzi hicho kinawageuza shingo wanawake wote waliomo, na msomaji anageuka pamoja nao. Atajiuliza kama uchungu umemzidi nguvu au kama analilia macho ya watu. Kihamishie kilio hichohicho kwenye boma la Waluo, ambako kilio cha sauti kubwa ni sehemu ya kumpa marehemu heshima yake, na hakuna atakayegeuka. Huko anayetupiwa jicho ni aliyenyamaza. Nusu ya maana ya kitenzi imo katika ua ambamo kilio kinatokea, na mwandishi asiyeujua ua huo ataandika jambo asilolikusudia.

Tukiandika "alibubujikwa na machozi", sauti imekwenda zake. Mwili umeshinda, yeye hana tena amri. Na tukiandika "machozi yalimlengalenga", mambo yanakuwa mengine kabisa: hapa wanaotenda ni machozi, yeye ndiye anayetendwa, na machozi yenyewe yamefika ukingoni bila kudondoka. Bado anayazuia. Mwanahawa ameishi miaka 7 na mwanamke aliyefunga funguo za kabati la chakula kwenye pindo la kanga yake, mchana na usiku. Mimi ningemwandikia machozi ya kulengalenga, nisitie neno jingine. Msomaji ataona kwamba yapo, na kwamba hayaanguki.

Kwikwi inahitaji nafasi yake, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtu anayelia kwa kwikwi pumzi yake inaingia kwa kukatikakatika. Kifua kinaruka, koo linabana, hewa inavutwa vipande vipande. Yeyote aliyembeba mtoto baada ya kilio kirefu ameisikia mbavuni mwake. Kwa hiyo hawezi kusema sentensi ndefu, na hilo ni suala la mapafu kabla halijawa suala la mtindo. Lakini mara ngapi tunasoma kitu kama hiki:

"Sikujua kwamba ungeondoka bila kuniaga baada ya yote niliyokutendea tangu tulipooana," alisema kwa kwikwi.

Isome kwa sauti huku ukivuta pumzi kwa kushtukashtuka, utaona kwamba haisemeki. Mwandishi ameandika hotuba, kisha ameibandika kwikwi mwishoni kama lebo. Ikikatwa pale pumzi inapokatika, inabaki hivi:

"Hukuniaga." Kwikwi ikamrusha bega. "Hata... hukuniaga."

Yote mengine yamekwenda, ndoa na fadhila zake, na hatukuyahitaji, kwa kuwa mtu wa kwikwi husema neno moja lililo juu kabisa na kulirudia. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: nikiona mazungumzo ya kwikwi yenye "kwamba" ndani yake, najua mmoja kati ya wawili hao hayuko sawa, ama kwikwi ama "kwamba".

Kuna jambo jingine kuhusu kwikwi linalomfaa sana mtunzi. Huendelea baada ya kilio kwisha. Mtoto amelala, uso umekauka, na bado kila baada ya muda kifua kinaruka. Baba anayerudi usiku, akaingia chumbani na kumkuta mtoto usingizini akipigwa na kwikwi, amekwisha kuambiwa kwamba humu ndani mtoto alilia, tena kwa muda mrefu, na kwamba hakuna aliyembembeleza mpaka akapitiwa na usingizi. Mke hajafungua kinywa, na mwandishi hajaandika "aligundua kuwa".

Kulialia ni kitu kingine. Ukikirudufu kitenzi katika Kiswahili, mara nyingi unakipunguzia nguvu na kukitandaza, nacho kinakosa mwanzo na mwisho. Mtoto anayelia ameanguka, na mtoto anayelialia tangu asubuhi atawekewa kiganja shingoni kupimwa homa. Mtu mzima akiandikiwa kulialia, anapungua machoni petu papo hapo, kwa hiyo neno hilo litumike pale tu tunapotaka apungue, au pale anayesimulia ndiye anayempunguza. Kurudufu huko kunafanya kazi upande wa kicheko pia. Msichana anayecheka amesikia jambo. Anayechekacheka yuko katika hali fulani, pengine ameona haya, pengine anamngoja mtu apite dirishani. Wawili wakicheka kichinichini nyuma ya mlango, tayari wana siri, na mama aliyeko ndani anaitambua hata kabla hajajua ni siri gani.

Hapa inafaa kumleta mwanasaikolojia Mmarekani Robert Provine, ambaye mwaka 2000 alitoa kitabu kuhusu utafiti wake wa kicheko. Aliwasikiliza watu wakizungumza mitaani na madukani, akaona kwamba sehemu kubwa ya kicheko haifuati kichekesho chochote. Watu hucheka baada ya "haya, tutaonana" na "umetoka wapi wewe". Aliona pia kwamba anayezungumza hucheka zaidi kuliko anayemsikiliza, na kwamba kicheko chake huangukia mwishoni mwa kauli, ni nadra kuiingilia kati. Kwa mtunzi hii ni mali. Kicheko hakidai mzaha kabla yake, kinadai mwenzi. Na ukitaka tumwone mtu aliyevurugika, mwekee kicheko katikati ya kauli, mahali ambapo watu hawacheki: "Nimemwambia" (akacheka) "mtoto si wangu." Mabano hayo mawili yanatisha kuliko kivumishi chochote.

Halafu kuna viambishi, ambavyo ndivyo fahari yangu kubwa. Alimcheka. Alimchekea. Alicheka naye. Wa kwanza amemdhihaki, wa pili amemkunjulia uso, na wa tatu inategemea, maana anayecheka na nyani atavuna mabua. Irabu moja tu imemgeuza adui kuwa rafiki. Kisha kuna kuchekelea, ambako mtu anafurahia jambo huku akilirudia moyoni, na mara nyingi jambo lenyewe limempata mwingine. Mzee akiwa barazani peke yake "akajichekea", tunajua kumbukumbu imepita na kwamba hatuambiwi ni ipi. Ukimwongezea "kwa furaha", umemnyang'anya mzee siri yake.

Kicheko cha sauti kali, kile cha kwa-kwa-kwa kinachosikika nyumba ya tatu, kina hatari yake. Kinafanana na kuku anayetetea baada ya kutaga, na kwa sababu hiyo waandishi hukipa wachawi na mawifi wabaya bila kufikiri. Mimi ningempa mwanamke mwema. Jirani mkarimu, anayekopesha unga bila kuandika popote, acheke hivyo siku moja harusini, kisha mwezi wa pili acheke vilevile anapoambiwa kwamba mumewe ameonekana mahali asipostahili kuwa. Kwa kuwa tunakijua kicheko chake, tutasikia kwamba mara hii kimerefuka kuliko haja.

Hapo ndipo penye mpaka wa ufundi huu. Kitenzi hakiwezi kubeba kitu ambacho hakikuwekwa kabla yake. Ukifuta "kwa sababu alikuwa na huzuni nyingi", sababu lazima iwe imeshakaa mahali pengine, kurasa za nyuma, ikiwa imevaa umbo la kitu kinachoshikika. Ndiyo maana mavyaa wa Mwanahawa alipewa funguo. Katika sura ya pili anafungua kabati, anapima sukari vijiko viwili, anafunga, anakaza fundo la kanga. Katika sura ya tano Mwanahawa ana mimba, anatamani chai usiku, na kabati limefungwa. Maelezo yote ya moyo wake yamo katika fundo lile, wala hakuna mahali alipoambiwa kuwa alichukia.

Pia si kila kilio kinastahili kuchongwa. Kurasa mbili zenye kububujika, kulengalenga, kwikwi na kuangua zinakuwa duka la maneno, na msomaji anaanza kumwangalia mwandishi badala ya Mwanahawa. Katika sura nzima ya msiba ningeruhusu viwili, vingine vyote viwe "alilia" tu, au visiwepo.

Siku ya tatu wageni wamepungua. Wifi mkubwa anaingia jikoni, anafungua fundo la kanga ya marehemu na kumwekea Mwanahawa kishada cha funguo kiganjani. "Sasa ni wewe," anasema. Rasimu ya kwanza ilisema Mwanahawa alipokea kwa hisia zilizochanganyika. Ya pili inasema: kicheko kilimponyoka, akakiziba kwa pindo la kanga, na kwikwi ikafuata.