Kutengwa na Kupotewa: Tafsiri ya Barua ya Bima ya Gari

Tafsiri inayochunguzwa hapa ilifanywa kwa ajili ya mwenye gari msemaji wa Kiswahili aishiye Ufaransa. Gari lake liliibwa, akadai fidia, na kampuni ya bima ikamjibu kwa Kifaransa, ikiambatisha kurasa za mkataba zitajazo mambo yasiyofidiwa. Kiswahili cha mfasiri ni chepesi na hakina harufu ya Kifaransa. Wepesi huo ndio uliomponza.

Barua yatoa sababu mbili za kukataa. Kwanza, ufunguo uliachwa garini, hali ambayo mkataba uliitenga na bima tangu mwanzo. Pili, taarifa ilichelewa, na kwa hiyo mdai amepotewa na haki aliyokuwa nayo. Kifaransa kina maneno mawili kwa mambo haya: la kwanza lina asili ya kufungia nje, la pili latokana na kitenzi cha kuanguka. Mfasiri ameandika "hatalipwa" pote pawili. Msomaji aona adhabu moja iliyorudiwa, ilhali mzigo wa ushahidi si mmoja. Kuhusu ufunguo, yaitosha kampuni kuthibitisha kwamba ulikuwa garini. Kuhusu kuchelewa, kifungu cha L113-2 cha Sheria ya Bima ya Ufaransa chaitaka zaidi: haki haipotei ila mkataba uwe umesema hivyo, tena kampuni ithibitishe kwamba kuchelewa kwenyewe kumeitia hasara. Aliyesomewa "hatalipwa" hana la kuuliza. "Hali iliyotengwa na bima" na "kupotewa na haki ya fidia" yangalimpa maswali mawili tofauti ya kutia katika jibu lake.

Katika kuhesabu siku ndipo madhara yanapozidi. Kifungu hicho hicho humpa aliyeibiwa muda usiopungua siku mbili za kazi tangu ajue. Mfasiri ameandika "siku mbili". Mwenye gari aligundua wizi Ijumaa jioni, akatoa taarifa Jumanne. Kwa hesabu ya siku mbili tupu, muda ulikwisha Jumapili. Kwa siku za kazi, Jumanne ingali ndani ya muda. Huenda kampuni ndiyo iliyokosea hesabu, lakini mwenye tafsiri hii mkononi angekiri kosa lisilo lake. Hata "siku za kazi" yahitaji kufafanuliwa kuwa ni Jumatatu hadi Ijumaa, kwani Kifaransa kina neno jingine, linalofanana sana na hilo, ambalo huihesabu Jumamosi pia.

Jambo dogo lililosalia si la maneno. Kwa sheria hiyo, kifungu cha mkataba kinachotenga hali au kuondoa haki hakina nguvu ila kimeandikwa kwa herufi zinazoonekana wazi kabisa. Mkataba ulivipiga chapa vifungu hivyo kwa herufi nzito. Mfasiri ameviandika kwa herufi zile zile za kurasa nyingine, hata mwenye gari hawezi kujua ni vipi vilivyopaswa kumgutusha siku alipotia sahihi.