Embe Bivu Lililogeuzwa Bichi kwa Tone la Nyeusi

Upande wa mwanga ulikuwa umekaa vizuri: njano iliyochangamka, na wekundu kidogo karibu na kikonyo. Waliotazama somo la uchoraji la Jumamosi wanalikumbuka embe lile. Kisha ukafika wakati wa kutia kivuli, na mwalimu akafungua tyubu ya nyeusi. Tone moja likaingia kwenye njano, brashi ikazungushwa, na rangi iliyopakwa chini ya tunda ikatoka kijani. Embe likawa limeiva juu na bichi chini.

Uamuzi ule haukuwa sahihi, na kosa lake ni zito kwa sababu somo lilitangazwa kuwa la rangi tatu za msingi: njano, nyekundu na bluu, pamoja na nyeupe ya kuzififisha. Mwanafunzi aliambiwa kwamba kwa tyubu hizo nne za akriliki atapata kahawia, kijivu na rangi nyepesi bila kutoa pesa zaidi. Ilipohitajika kahawia ya kwanza, ikaletwa tyubu ya tano, na ikaleta rangi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Si kwamba mwalimu hana mkono. Umbo la tunda lilichorwa kwa usahihi, kitambaa cha bluu kilipangwa kwa akili, na bluu aliyoichagua, altramarini, ndiyo hasa inayofaa kazi hii.

Turudi kwenye tone lile. Nyeusi nyingi za tyubu hutokana na kaboni au mifupa iliyochomwa, na zikitawanywa kidogo ndani ya rangi nyingine huelekea ubaridi, upande wa bluu. Bluu na njano zikikutana huzaa kijani. Lakini hata nyeusi isiyoelemea upande wowote ingetoa matokeo yanayokaribiana na hayo, kwa kuwa jicho la binadamu likiona njano iliyotiwa giza tu, bila kuvutwa kuelekea wekundu, huisoma kama kijani cha zeituni. Embe halisi mezani haliendi huko. Kivuli chake huteremka kutoka njano kwenda rangi ya chungwa, kisha kahawia. Kwa hiyo anayetia giza kwenye njano hana budi kuipa joto wakati huohuo, na nyeusi haina joto la kutoa.

Kilichofuata kiliongeza hasara. Mwalimu alipoona kijani aliongeza nyekundu, na hiyo ilikuwa hatua ya haki, kwani nyekundu ndiyo inayokiua kijani. Ila aliiongeza nyingi, ikawa kahawia nzito kupita kiasi; akaongeza nyeupe ili kuipunguza, ikapauka kama vumbi la chaki; akaongeza njano, na rundo la rangi likazidi kukua. Mwishowe sehemu kubwa ya mchanganyiko ule ilifutwa kwa kitambaa. Katika somo lenye neno “nafuu” kwenye tangazo lake, rangi iliyofutwa ilitosha kupaka embe la pili.

Kazi ile ingeweza kufanywa hivi. Weka njano sehemu tano na nyekundu sehemu moja, uzichanganye kwa kisu cha paleti mpaka mistari yote ipotee. Hiyo ni chungwa. Itenge mafungu mawili. Katika fungu moja gusa altramarini kwa ncha ya kisu, kiasi kama sehemu moja kwa kumi ya chungwa uliyonayo, uchanganye tena. Chungwa itafifia, kisha itaingia kwenye kahawia ya joto. Ongeza mguso mwingine na itakuwa kahawia ya gome la mti. Usikimbilie kuongeza, kwa sababu nguvu ya rangi hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Vipimo hivi ni vya kuanzia, na jicho ndilo linalosema basi.

Sasa chukua kahawia hiyo kidogo uirudishe kwenye njano safi. Njano itashuka bila kupoteza joto lake, na hicho ndicho kivuli cha embe. Ukitaka kivuli kizito zaidi karibu na meza, tia fungu la pili la chungwa kwanza, kisha kahawia zaidi. Rangi zote tatu zimo ndani ya kivuli, na ndiyo sababu kinaonekana kuwa mali ya tunda lenyewe. Kanuni iliyo nyuma yake inajulikana kwa kila aliyewahi kushika duara la rangi: kinzani ya njano ni zambarau, yaani nyekundu pamoja na bluu. Hakuna kitu katika kanuni hiyo kinachodai nyeusi.

Jacob Christoph Le Blon alilijua jambo hili karne tatu zilizopita. Mzaliwa huyo wa Frankfurt alifanya kazi London, na kitabu chake cha mwaka 1725, Coloritto, kinaeleza kwamba njano, nyekundu na bluu zikichanganywa hutoa rangi nyingine zote, hata nyeusi. Naye hakuishia kwenye maneno. Alichapa picha za watu kwa mabamba matatu ya shaba, bluu, njano na nyekundu, moja juu ya jingine, na ngozi, nywele na vivuli vya nguo vikatokea pale wino ulipopandana. Ni kweli kwamba baadhi ya picha zake zilipewa bamba la nne la nyeusi ili kuongeza kina. Lakini alikwenda kwenye nyeusi baada ya kuzifikisha tatu mwisho wa uwezo wake. Mwalimu wa Jumamosi alikwenda huko kabla hajazijaribu.

Wapo watakaomtaja Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi, na wana haki ya kumtaja. Katika picha aliyojichora mwaka 1896 ameshika paleti yenye nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi, wala haionekani bluu. Ila hoja hiyo inamwangusha anayeileta. Kwenye paleti ya Zorn nyeusi ilikalia kiti cha bluu: ilitumiwa kwa ule ubaridi wake, na ilipokutana na njano ilikuwa ndiyo njia ya kupata kijani. Alichokifanya Zorn kwa kujua ndicho kilichompata mwalimu huyu kwa bahati mbaya, huku bluu halisi ikiwa mezani, umbali wa kidole.

Kijivu cha sahani iliyokuwa kwenye picha hiyohiyo kilipita haraka zaidi, nacho kilikuwa na kasoro ileile: nyeusi na nyeupe, basi. Kijivu cha namna hiyo ni baridi na hakina undugu na kitu kingine kwenye picha. Mbele ya mwalimu kulikuwa na njia fupi. Ile kahawia ya awali ikiongezwa altramarini taratibu hufika mahali inapoonekana karibu nyeusi. Hapo ndipo kijivu kinapozaliwa, na hapo ndipo wanaoanza hukosea, kwa sababu rangi nzito namna ile haionyeshi imeelemea upande gani.

Kipimo chake ni rahisi, na kilipaswa kuonyeshwa. Chota kidogo cha giza hilo kwa kisu, ukiburute pembeni kwenye nyeupe. Nyeupe itafichua siri. Ikitoka kijani, giza lote linahitaji nyekundu. Ikitoka zambarau, linahitaji njano. Ikitoka kahawia au chungwa, bado bluu haijatosha. Ukisahihisha mara moja au mbili kwa miguso midogo utapata kijivu kilichotulia, na kuanzia hapo unaweza kukielekeza utakako: bluu kidogo kwa kivuli cha sahani kilicho mbali na dirisha, chungwa kidogo kwa upande ulio karibu na embe.

Kuhusu bluu, sifa aliyopewa mwalimu hapo juu ina sababu. Altramarini, ambayo nyuma ya tyubu huandikwa PB29, huelekea zambarau, kwa hiyo hushuka kwenye kahawia kwa upole. Ile bluu kali inayoandikwa PB15:3 huelekea kijani na ina nguvu kubwa mno. Mguso wa ukubwa uleule huweza kulimeza fungu zima la chungwa. Lakini altramarini nayo ina mpaka. Ikichanganywa na njano hutoa kijani kilichofifia, na anayetaka majani machanga ya mgomba ataihitaji ile kali. Mwanafunzi angepaswa kuambiwa hilo waziwazi. Kauli kwamba tatu zozote hutoa rangi zote imewapotezea watu wengi rangi na saa zao.

Na kabla ya kulaumu mkono wake, mwanafunzi atazame nyuma ya tyubu. Tyubu yenye pigmenti moja huchanganyika kwa utabiri. Yenye pigmenti tatu tayari ni mchanganyiko, na ukiitia kwenye mchanganyiko mwingine unafika kwenye tope mapema. Seti za tyubu 24 zinazouzwa kwa wanaoanza mara nyingi zimejaa michanganyiko hiyo, na safu hii imezilalamikia kwa miaka. Zile za bei ya chini huongezewa pia vijazio vinavyotia ukungu, hivyo giza la rangi tatu haliwezi kushuka hadi chini kabisa. Pesa ya seti kama hiyo ingenunua tyubu tatu nzuri na nyeupe moja kubwa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za makopo kwenye vipande vya ubao wa dari, na hakungoja seti ya mtu yeyote.

Nyeupe ndiyo inayoisha kwanza, na namna ya kuitumia ndiyo huamua gharama. Rangi nyepesi huanzia kwenye nyeupe: weka nyeupe kwanza, kisha uitie rangi kwa ncha ya kisu. Anayeanza na bluu kisha akaongeza nyeupe atamaliza nusu ya tyubu kabla hajafika kwenye anga la asubuhi. Nyeupe ya titani pia hupoza kila inachokigusa. Kahawia ya joto ikipewa nyeupe hugeuka ya waridi iliyokufa au ya kijivu; mguso wa njano, au wa chungwa ile iliyotengwa mwanzo, huirudisha kwenye rangi ya mchanga. Akriliki nyingi hukauka zikiwa nzito kidogo kuliko zilivyokuwa mbichi, kwa hiyo rangi nyepesi ijaribiwe kwenye kipande cha karatasi na kuachwa ikauke kabla ya kupakwa kwenye picha.

Somo lijalo limetangazwa kuwa la mtungi wa udongo juu ya kitambaa cheupe. Mtungi ni kahawia kuanzia mdomoni hadi kitakoni, na kitambaa ni kijivu chepesi kwenye kila mkunjo, kwa hiyo kosa la Jumamosi likirudiwa halitakuwa na pa kujificha. Mwalimu aanze na chungwa, aitie altramarini mbele ya kamera, na aburute lile giza kwenye nyeupe ili kila mtazamaji aone limeelemea wapi. Tyubu ya nyeusi ibaki nje ya meza hadi mkunjo wa mwisho ukauke.