Tangi Halikustahili Kupelekwa Mengineyo

Kikao cha Jumatatu kiliharibika pale mwenyekiti aliposema, "Hili la tangi tutalimalizia kwenye mengineyo." Mlikuwepo, mlimsikia. Ajenda ya tatu ilipewa dakika 25 na zilikuwa zimekwisha. Mezani palikuwa na hoja mbili tu: tubadilishe kompresa ya tangi la kupozea maziwa, au tukodi tangi jingine hadi mvua ziishe. Mhasibu alishasoma bei za zote mbili. Michango ilianza kujirudia, na hiyo ndiyo dalili kwamba wajumbe wako tayari kuamua.

Muda wa ajenda huwekwa ili uamuzi upatikane ndani yake. Zikibaki dakika 5, mwenyekiti hufunga michango, huitamka hoja kwa sentensi moja, kisha huuliza nani anapinga na kwa sababu gani. Akiona muda hautoshi, huomba kikao kimwongezee dakika 10 na kutaja zinatoka ajenda ipi. Jumatatu, taarifa ya mafunzo ingeweza kabisa kusubiri mwezi ujao. Na kama kuna jambo halijulikani, humkabidhi mjumbe mmoja alifuatilie na kumpa tarehe ya kuleta majibu. Mwenyekiti wetu aliziacha njia hizo zote akachagua mengineyo, ambayo hayapangiwi dakika na huja wakati watu wameshafunga madaftari. Tulipofika huko, wasimamizi wa vituo walikuwa wamewahi zamu ya mchana. Akidi ikavunjika, na tangi likabaki lilivyo.

Ajenda ilisambazwa siku mbili kabla, kila kipengele na mhusika wake. Hapo hongera.

Kwenye kumbukumbu, nimelisema miaka yote na sichoki. Katibu ameandika: "Wajumbe walijadili kwa kina suala la tangi." Asiyekuwepo atafanya nini na sentensi hiyo? Tungeamua kukodi, ilitakiwa isomeke hivi: "Kikao kimeamua kukodi tangi hadi mwisho wa mvua. Mhusika: msimamizi wa mapokezi. Mwisho: Ijumaa." Mstari huo unaandikwa na kusomwa kwa sauti pale pale, kabla ya ajenda inayofuata, ili mwenye kupinga apinge akiwa bado kitini. Ukiachwa, mwezi ujao yatokanayo yatameza nusu ya kikao watu wakibishana nini kilikubaliwa.

Pius Msekwa alikuwa Katibu wa Bunge kabla ya kukikalia kiti cha Spika kuanzia 1994 hadi 2005. Mtu aliyepitia meza ya katibu anajua kwamba mjadala usiohitimishwa haumpi katibu cha kuandika. Bungeni Spika huwahoji wanaoafiki na wasioafiki, hutangaza matokeo, shughuli inasonga. Viti vyetu vya siku hizi vinaogopa kuhoji.

Mwenyekiti, kikao kijacho anza na tangi, na usitufungulie ajenda ya pili kabla katibu hajatusomea tulichoamua.