Kilichobaki Kwenye Sahani ya Chini

Mawe meupe ya vilima vya Pugu, kule Kisarawe nje kidogo ya Dar es Salaam, ni mchanga wa kwatzi uliochanganyika na kaolini. Kaolini ndiyo mali: huingia kwenye vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Mchanga ni mzigo tu. Mtu akitaka kujua jiwe lake lina kiasi gani cha kila kimoja, kifaa cha kwanza kukishika ni rundo la machekeche. Nakipenda kifaa hiki kwa sababu hakina siri: wavu, mizani, na mkono wa mtu. Lakini kaolini ya Pugu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko poda nyingi mahali chekeche linapoishia.

Tuseme tumelisaga jiwe kwa upole, tukiyaachanisha mabonge bila kuzivunja chembe zenyewe. Tunapanga machekeche matano ya fremu ya shaba, kipenyo milimita 200. La juu lina matundu ya maikroni 600, linafuata la 300, kisha 150, 75 na 38, na chini kabisa sahani isiyo na tundu. Maikroni 75 ni kama unene wa unywele. Unga hauchotwi kwa kijiko kutoka juu ya gunia, kwani mabonge hubingirika pembeni na vumbi hukaa katikati. Unamwagwa uwe kichuguu, unatandazwa, unagawanywa robo nne, na robo mbili zinazokabiliana ndizo zinazochukuliwa. Kazi inarudiwa mpaka zibaki gramu 100 hivi. Tamaa ya kupima zaidi ni hasara, maana kwenye wavu mwembamba unga ukiwa tabaka nene, chembe za juu hazifiki kwenye tundu hata utikise mpaka jioni.

Mashine ya kutikisa ikisimama, kazi haijaisha. Fundi huliondoa chekeche moja, huliwekea kifuniko na sahani yake, hulishika kwa mkono mmoja likiwa limeinama kidogo na kuligonga ubavuni kwa kiganja cha mkono wa pili, mara 150 hivi kwa dakika, akilizungusha kidogo kila baada ya mapigo 25. Kilichopita ndani ya dakika hiyo kinapimwa. Kikiwa chini ya asilimia moja ya kilichobaki juu ya wavu, basi chekeche limeshasema lake. Kikizidi, rundo linarudi kwenye mashine. Kisha kila wavu unageuzwa na kupigwa brashi laini kwa upande wa chini, ili chembe zilizonasa zihesabiwe pamoja na zilizobaki juu. Ncha ya sindano haigusi wavu kamwe. Tundu likipanuka mara moja, kila poda itakayofuata itapimwa kwa tundu hilo.

Sasa tuangalie hesabu ya mfano. Kwenye 600 zimebaki gramu 6, kwenye 300 gramu 21, kwenye 150 gramu 24, kwenye 75 gramu 17, kwenye 38 gramu 11, na sahani ya chini ina 20.5. Jumla 99.5. Nusu gramu imepotea na vumbi, si neno. Hesabu imefunga vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mizani inajua kama umepoteza unga, haijui kama ulichokipima ni chembe moja au mia zilizoshikana. Chukua punje kadhaa kutoka kwenye chekeche la 75, ziweke juu ya kioo na uzisugue kwa kidole kilicholowa. Kwatzi hukwaruza na kubaki ilivyo. Punje ya kaolini husambaa ikaacha mchirizi mweupe kama chaki. Ukiona michirizi mingi, jedwali lako ni la mabonge.

Dawa yake ni maji. Sampuli nyingine ya gramu 100 kavu inalowekwa usiku kucha pamoja na kiasi kidogo cha sodiamu heksametafosfeti, chumvi inayofanya vipande vya udongo visukumane badala ya kushikana. Asubuhi inakorogwa na kumiminwa polepole juu ya chekeche la 38, huku maji ya bomba yakipita kwa shinikizo dogo. Maji yanashuka meupe kama tui, kisha hafifu, kisha safi. Usiusaidie unga kwa kuukandamiza na kidole. Kilichobaki kinakaushwa kwenye oveni na kuchekechwa tena kikavu. Safari hii tunapata 5, 18, 17, 9 na 4. Hiyo ni gramu 53. Zile 47 nyingine zimekwenda na maji. Kipimo kikavu kilituambia unga laini ni karibu asilimia 21. Hizi 47 ni zaidi ya maradufu, na jiwe ni lile lile.

Mwenye haraka atachora mstari, kisha atafute saizi ambayo nusu ya unga ni ndogo kuliko hiyo. Asilimia 51 ilipita kwenye tundu la 75 na 47 ikapita kwenye la 38, kwa hiyo nusu inaangukia kwenye maikroni 65 hivi. Namba safi, na haina mwenyewe: kati ya 38 na 75 kuna asilimia 4 tu ya unga wote. Tuna makundi mawili, mchanga juu na kaolini chini, na namba yetu imesimama kwenye pengo katikati yao. Kwa poda ya namna hii napendelea jedwali zima kuliko namba moja, hata kama mnunuzi anadai namba moja.

Na zile 47? Chekeche linasema ni ndogo kuliko maikroni 38, basi. Huenda ni 30, huenda ni 1, na kwa mtengeneza kauri tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Nyavu za tundu dogo zaidi zipo, lakini chembe ikipungua kipenyo kwa nusu, uzito wake unapungua mara nane, na nguvu ya kunata inaushinda uzito unaopaswa kuipitisha. Hapa tunaacha kuchekecha na kuanza kungoja. Ule mchanganyiko mweupe uliopita kwenye wavu unatiwa kwenye silinda ndefu, unatikiswa, unaachwa utulie. Kwa kanuni ya Stokes, chembe ya maikroni 10 huzama sentimita 10 kwa dakika 19 hivi kwenye maji ya nyuzi 20 za Selsiasi. Ya maikroni 2 huchukua karibu saa nane. Ukinyonya kwa pipeti kwenye kina hicho muda huo ukitimia, ukakausha na kupima, unajua ni kiasi gani kilichobaki ni kidogo kuliko maikroni 2. Lakini weka kipimajoto ndani ya silinda. Kwa nyuzi 28, joto la kawaida la Dar, maji ni mepesi zaidi na zile saa nane zinakuwa sita na nusu.

Hata hivyo, kaolini ni vibapa, na kanuni ya Stokes inahesabu mipira. Kibapa huzama polepole kuliko mpira wenye upana ule ule, hivyo silinda inakiona kidogo kuliko kilivyo. Chekeche nalo lina kipimo chake: chembe ndefu hupita kwa kusimama wima, urefu wake usijulikane. Ukiunganisha majibu ya vifaa hivi viwili kwenye mchoro mmoja, kwenye maikroni 38 mara nyingi utaona mstari umeruka kidogo. Kuna programu zinazoulainisha mruko huo zenyewe. Mimi huuacha uonekane, na pembeni huandika upande wa wavu ni upi na upande wa maji ni upi, pamoja na joto la maji siku hiyo.