Mwelekeo wa Asilimia katika Jedwali Mtambuko: Uhakiki kwa Kutumia Data za Labov

Tasnifu nyingi za isimujamii huwasilisha data kwa jedwali linalokutanisha vigeu viwili, kisha huweka asilimia katika kila kisanduku bila kueleza zimekokotolewa kutoka jumla ipi. Uhakiki huu unadai kwamba uteuzi wa jumla hiyo ni sehemu ya hoja yenyewe: asilimia zilizokokotolewa sawasawa zinaweza kujibu swali ambalo mtafiti hakuliuliza. Data za William Labov, alizokusanya katika maduka makubwa ya New York mwaka 1962 na kuzichapisha mwaka 1966, zinadhihirisha jambo hilo.

Labov alitaka kujua iwapo utamkaji wa sauti [r] baada ya irabu hutofautiana kulingana na hadhi ya duka ambamo muuzaji anafanya kazi. Alichagua Saks, duka la hadhi ya juu, Macy's, la hadhi ya kati, na S. Klein, la hadhi ya chini. Aliuliza mahali ilipo bidhaa fulani ili wauzaji wamjibu kuwa iko ghorofa ya nne, kwa kuwa katika Kiingereza jibu hilo lina sauti hiyo mara mbili. Jedwali lifuatalo linatenganisha waliotamka [r] japo mara moja na wasioitamka kabisa. Idadi za visanduku zimekadiriwa kutokana na asilimia zilizochapishwa.

| Duka | Walitamka | Hawakutamka | Jumla |
|---|---|---|---|
| Saks | 42 | 26 | 68 |
| Macy's | 64 | 61 | 125 |
| S. Klein | 14 | 57 | 71 |
| Jumla | 120 | 144 | 264 |

Asilimia za safu mlalo zinagawanya kila kisanduku kwa jumla ya duka lake. Waliotamka [r] wanakuwa asilimia 62 Saks, 51 Macy's na 20 S. Klein. Mteremko huo unafuata hadhi ya maduka, na ndio uliobeba hoja ya Labov.

Asilimia za safu wima zinagawanya visanduku vilevile kwa 120, yaani watamkaji wote wa [r]. Sasa Macy's inapata asilimia 53, Saks 35 na S. Klein 12. Msomaji wa takwimu hizi angeweza kuhitimisha kwamba duka la hadhi ya kati ndilo kinara wa [r], na nadharia nzima ingepinduka. Hata hivyo, Macy's inaongoza hasa kwa sababu wauzaji wake 125 ni karibu nusu ya sampuli. Asilimia hizi zinajibu swali jingine: watamkaji wa [r] waliomo katika sampuli walitoka duka gani? Jibu hilo lingebadilika iwapo mtafiti angewahoji watu wengi zaidi S. Klein, hata kama usemaji wa wauzaji haukubadilika.

Jaribio la khai-mraba haliwezi kufichua kosa hili. Hukokotolewa kutokana na idadi, si asilimia. Kwa jedwali hili thamani yake ni takriban 28 kwa mwelekeo wowote. Hivyo tofauti yenye umuhimu wa kitakwimu inaweza kuambatanishwa na sentensi isiyo sahihi. Vilevile, kama maduka yote matatu yangekuwa na wahojiwa sawa kwa idadi, mpangilio wa asilimia ungekuwa uleule kwa njia zote mbili, na kosa lingejificha mpaka sampuli isiyo na ulinganifu itumike.

Kanuni inayofaa ni kukokotoa asilimia ndani ya makundi ya kigeu huru, kisha kulinganisha makundi hayo. Katika SPSS, duka likiwa kwenye safu mlalo, amri ni hii:

```
CROSSTABS
  /TABLES=duka BY r
  /CELLS=COUNT ROW.
```

Matokeo yatakuwa na maandishi `% within duka`, na kila duka litajumlishwa kuwa 100. Vigeu vikibadilishana nafasi, `COLUMN` ndiyo itakayofaa. Kwa hiyo kinachoamua ni kigeu, si umbo la jedwali.

Kanuni hii ina mpaka. Mtafiti akiteua wahojiwa kwa kuangalia matokeo, kwa mfano watamkaji 100 na wasiotamka 100, uwiano wa watamkaji ndani ya kila duka utakuwa umeathiriwa na uteuzi wake mwenyewe. Hapo asilimia za ndani ya duka hazikadirii usemaji wa wauzaji.

Mtahini anaweza kutambua kosa kwa kutazama mahali asilimia zinapofikia 100, kisha kusoma sentensi ya uchanganuzi. Sentensi kama “asilimia 53 walitoka Macy's” inaficha msingi wake. “Kati ya wauzaji 125 wa Macy's, asilimia 51 walitamka [r]” inautaja, na kinachofuata “kati ya” ndicho kinachopaswa kulingana na swali la utafiti.