Eh, Nimesahau

Shuleni tulifundishwa usemi wa taarifa kana kwamba ni kubadili nguo. Unavua "mimi" unavaa "yeye", "jana" inakuwa "siku iliyotangulia", "hapa" inakuwa "pale", basi, mwalimu anapiga vema. Mimi nilikuwa mwepesi wa zoezi hilo, na nilibaki na imani kwamba nalijua mpaka Machi 2008, nilipokuwa karani katika zahanati moja ya kijijini. Asubuhi moja muuguzi wa zamu ya usiku aliniwekea mezani daftari lake lenye maua kwenye jalada, lile analoandika mambo yake mwenyewe, akaniambia: "Kaka, wilayani wanataka taarifa ya jokofu. Mimi yote nimeyaandika humu. Wewe ndiye mwenye Kiswahili cha ofisi."

Ukurasa wenyewe aliniruhusu niunakili. Ulisema hivi:

"Ijumaa. Sijalala hata kidogo. Usiku umeme ulikatika, mvua ya kichaa, na mimi niko peke yangu na mama wa watu anajifungua. Mtoto katoka kwa mwanga wa tochi, saa sita na nusu, wa kiume, Mungu mkubwa. Saa nane nikaingia chumba cha chanjo nikakuta jokofu linasoma 11. Nilitaka kulia. Nikahamisha chupa zote kwenye kasha la baridi, barafu niliiacha kwanza itoe jasho. Nikamtuma mlinzi kwa mganga, akarudi akasema amemwambia asubiri kuche. Kumbe mlango wa jokofu ulikuwa wazi kidogo! Yule wa zamu ya mchana na haraka zake. Umeme umerudi saa moja asubuhi, mganga kafika saa mbili, tumekagua chupa zote 41, nzima. Eh, nimesahau: jana saa kumi na mbili jioni napokea zamu nilisoma 6, nikaandika."

Kwa asiyejua kazi hiyo: chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zinapoteza nguvu, na baadhi yake, kama ya pepopunda, zikiganda ndiyo zimekwisha. Kwa hiyo wilayani hawakuhitaji kujua muuguzi alijisikiaje. Walitaka kujua chupa zilikaa wapi, katika joto gani, tangu saa ngapi.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilipita sentensi moja moja, "ni-" nikaigeuza "a-", na mpangilio wake sikuugusa. Nilipomaliza nilikuwa na taarifa iliyoanza na mvua na kuishia jioni ya siku iliyotangulia mvua. Mpangilio nilikuwa nimeutunza kweli, lakini ulikuwa mpangilio wa mtu aliyechoka anavyokumbuka. Shajara hufuata kumbukumbu, na kumbukumbu huanza pale panapouma. Taarifa hufuata saa. Anayeambiwa atunze mfuatano wa matukio anaambiwa autafute kwanza, kwa kuwa mara nyingi ukurasani haupo.

Alama za kuutafutia zimo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tazama "-ka-". Nikaingia, nikakuta, nikahamisha, nikamtuma: kila kitenzi kimemshika mwenzake mkono, na msomaji anajua kipi kilitangulia bila kuambiwa. Halafu katikati ya mnyororo huo inaingia "niliiacha". Pale "-ka-" ilipokatika, huenda msimulizi amerudi nyuma. Barafu haikuachwa itoe jasho baada ya chupa kuhamishwa, iliachwa kabla, na neno "kwanza" linathibitisha. Pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza ikiwa kavu inaweza kuigandisha chupa inayoigusa, ndiyo maana huachwa nje mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Kama ningeandika kwa kufuata sentensi zake, "alihamisha chupa, akaacha barafu itoe jasho", ningemwandikia kosa ambalo hakulifanya, na kwa herufi mbili tu.

Tangu siku hiyo naiogopa "-ka-" kwa heshima. Ni tamu mno, na ina tabia ya kunong'ona sababu huku ikijifanya inataja mfuatano. Ukisema "umeme ulikatika, joto likapanda", tayari umetoa hukumu. Kwenye taarifa naitumia pale tu ambapo mtu mmoja alifanya mambo mawili, moja likafuata jingine, naye mwenyewe analisimamia. Penginepo narudia "-li-" hata kama sentensi zinakuwa kavu kama muhogo wa jana.

Alama nyingine ni "kumbe". Hilo ni neno la anayegundua, na katika shajara hukaa pale akili ilipogutuka, hata kama jicho lilikwisha kuona zamani. Nilimuuliza: "Dada, mlango uliuona wazi saa ngapi?" Akafikiri. "Pale pale nilipoingia. Niliposhika mpini nikaona pana nafasi ya kidole. Ila sikulitia maanani mpaka baadaye." Basi mlango ulipanda juu, ukatangulia ile 11, kwa sababu kipimajoto kilikuwa kinaning'inia ndani ya jokofu na hakisomeki bila kufungua.

Na mlango huo nitausemaje? Kiswahili kinakupa njia tatu, na kila moja ina mshtakiwa wake. "Mlango uliachwa wazi" inamtaja mtu bila kumtaja jina, maana hakuna kinachoachwa pasipo mwachaji. "Mlango haukufungika" inaulaumu mpira wa mlango au bawaba. "Mlango ulikuwa wazi kiasi cha upana wa kidole" haimlaumu mtu wala kitu, inaeleza kilichoonekana. Nilichukua ya tatu. Hiyo nafasi ya kidole aliiona kwa macho yake. "Yule wa zamu ya mchana na haraka zake" hakuiona, aliijazia. Nikaikata, naye akakunja uso kidogo.

Kulikuwa pia na ule mkanganyiko wa nafsi ya tatu ambao kitabu cha shule hakikunionya. Maadamu kuna "mimi" mmoja katika shajara, wengine wote wanajulikana. Ukimgeuza "mimi" kuwa "yeye", wanakuwa watatu wenye sare moja. "Akarudi akasema amemwambia asubiri": nani kamwambia nani? Dawa ni kuwaita watu kwa vyeo kila wanapogeuka, muuguzi, mlinzi, mganga, bila kuona haya ya kurudia. Tena maneno ya mganga muuguzi hakuyasikia, aliyasikia kwa mlinzi. Kwa hiyo katika taarifa ni mlinzi anayeeleza, na mganga anabaki nyumbani kwake.

Kisha tarehe. Daftari linasema "Ijumaa" na "usiku". Bibi yangu ungemwambia "usiku wa Ijumaa" angeelewa usiku unaoanza jua likizama Alhamisi, maana kwake siku ilianza magharibi. Kalenda ya ofisi inasubiri saa sita ya usiku. Katika ukurasa huu tofauti hiyo inaangukia kati ya jokofu la nyuzi 6 na jokofu la nyuzi 11, kwa hiyo niliandika siku na tarehe pande zote mbili za usiku, hata pale ilipoonekana naongeza maneno.

Lililonipa tabu ni umeme. "Usiku ulikatika" si saa. Hakuangalia, alikuwa na mama mikononi. Lakini mtoto alizaliwa kwa tochi saa sita na nusu, na aliponieleza kuwa alipopokea zamu taa ya barazani ilikuwa inawaka, tukawa na mipaka miwili. Tukio likikosa saa yake, lifungie kati ya mawili yenye saa, na useme wazi kuwa ndani ya hapo hujui. Mtoto yule, wa kiume, Mungu mkubwa, aliingia katika taarifa ya serikali akiwa hana jinsia wala shukrani, amegeuka alama ya saa. Niliona vibaya kidogo. Nilijifariji kwamba katika daftari la maua bado yumo mzima.

Tukapata hii:

"Alhamisi, Machi 13, 2008, saa 12:00 jioni, muuguzi wa usiku alipokea zamu. Umeme ulikuwepo. Alifungua jokofu la chanjo, akasoma nyuzi 6, akaandika kwenye chati. Umeme ulikatika kati ya saa hiyo na saa 6:30 usiku. Saa kamili haijulikani. Ijumaa, Machi 14, saa 6:30 usiku, muuguzi alikuwa akizalisha kwa mwanga wa tochi. Saa 8:00 usiku aliingia chumba cha chanjo. Mlango wa jokofu ulikuwa wazi kiasi cha upana wa kidole. Aliufungua zaidi, akasoma nyuzi 11. Alitoa pakiti za barafu, akaziacha mpaka maji yaliposikika ndani, kisha akahamishia chupa 41 katika kasha la baridi. Baada ya hapo alimtuma mlinzi nyumbani kwa mganga. Mlinzi alirudi, akaeleza kuwa mganga alisema muuguzi asubiri asubuhi. Umeme ulirudi saa 1:00 asubuhi. Mganga alifika saa 2:00 asubuhi. Mganga na muuguzi walikagua vibandiko vya joto vya chupa zote 41. Hakuna kilichokuwa kimebadilika rangi kufikia kiwango cha kutupwa."

Nilimsomea kwa sauti, kama ninavyofanya mpaka leo, kwa sababu sikio hunasa mfuatano uliopinda kabla jicho halijaamka. Sentensi ya kwanza aliitikia kwa kichwa. Ya pili pia. Ya tatu akanyanyua mkono.

"Rudia hapo."

"Alifungua jokofu la chanjo, akasoma nyuzi 6, akaandika kwenye chati."

Katika daftari jambo hilo lilikuwa mwisho kabisa, chini ya "eh, nimesahau", kama mtu anayerudi mlangoni kuchukua mwavuli. Sasa lilikuwa juu, na kati yake na saa nane usiku hapakuwa na mkono mwingine wowote ulioligusa jokofu. Zamu ya mchana ilikuwa imekwisha kuondoka kabla taarifa haijaanza. Mimi pia sikuwa nimeliona hilo nilipokuwa napanga, nilikuwa nahangaika na tarehe.

"Kwani wa mwisho kufungua nilikuwa mimi?"

Sikujibu. Nilimuuliza tu ufunguo wa chumba kile usiku ule alikuwa nao nani. Akaupapasa mfuko wa gauni lake jeupe, ukalia.

Alikaa kimya muda, nje watu wa kliniki wameanza kujipanga kwenye benchi. Nikachukua kalamu, nikaandika chini kabisa, baada ya vile vibandiko: "Ufunguo wa chumba ulikuwa kwa muuguzi tangu saa 12:00 jioni." Nikamgeuzia karatasi aweke sahihi.

Alisoma, akachukua kalamu mkononi mwangu, akachora mshale kutoka sentensi ile ya chini hadi juu, pembeni mwa "akaandika kwenye chati".

"Kaka," alisema, "hii ni ya jioni. Iweke mahali pake."